CBR Ilishuka Mara 9 Lakini Loni Yako Bado Inakuuma: Hizo Pointi 4 Zilienda Wapi?

Jumanne ya tarehe 9 Desemba 2025, Benki Kuu ilishusha tena ile riba yake inaitwa CBR, kutoka asilimia 9.25 hadi 9. Hiyo ilikuwa mara ya 9 mfululizo. Vichwa vya habari vikasema ni afueni kwa Wakenya, na kwa grupu yetu ya WhatsApp ya ploti msee akaposti hiyo habari na emoji ya kudensi.

Dakika mbili baadaye jirani yangu, dere wa Probox anayepeleka mboga kwa mahoteli, akajibu: "Afueni ya nani? Mimi benki bado inanikata."

Hiyo swali yake ndiyo imefanya niandike hii stori. CBR ilikuwa asilimia 13 katikati ya 2024. Desemba 2025 ikawa 9. Hizo ni pointi 4 zimetoka. Lakini wastani wa riba ambayo mabenki yanatoza wateja ulikuwa asilimia 17.2 ulipofika kileleni, na mwisho wa 2025 ulikuwa karibu 15. Kwa hivyo kati ya pointi 4, mteja ameonja kama 2. Na kwa wasee wengi wa rika yetu, wale wanaokopa kwa simu, hata hiyo 2 hawajaiona. Sasa wacha tuzifuate hizo pointi, tuone zilipita wapi na ni nani alizila njiani.

Kwanza, CBR si riba yako

Wengi hudhani CBR ikishuka, riba yako inashuka hiyo siku. Hapana. Mimi na wewe hatukopi kwa CBR. Ukitaka kuielewa, ifikirie kama bei ya jumla ya ganji.

Kila jioni mabenki yanapiga hesabu. Kuna ile imelipa watu wengi ikabaki kavu, na kuna ile imebaki na pesa nyingi haina kazi nayo. Hiyo iliyo kavu inakopa kutoka kwa hiyo yenye pesa, mara nyingi kwa usiku mmoja tu. Bei ya huo mkopo wa usiku mmoja ndiyo Benki Kuu inashika kweli kweli. Inaweza kumwaga pesa sokoni au kuzivuta, mpaka hiyo bei ikae karibu na CBR. Tangu Juni 2025 imesema hiyo bei isipande wala kushuka zaidi ya pointi 0.75 kutoka kwa CBR. Kwa hivyo CBR ikiwa 9, bei ya usiku inafaa icheze kati ya 8.25 na 9.75.

Hapo ndipo mkono wa Benki Kuu unaishia. Kutoka hapo hadi kwa loni yako kuna watu wa katikati, na kila mmoja ana hesabu zake. Ni kama tu nyanya. Bei ikianguka Wakulima Market saa kumi na moja asubuhi, haimaanishi mama mboga wa kwa geti atakushushia saa mbili. Pengine yeye alinunua jana, kwa bei ya jana.

Punguzo lilifika kwanza kwa pesa ulizoweka

Hii sehemu huwa haiongelewi sana na ndiyo inauma. Kama umekuwa ukiweka vijisenti kwa ile mifuko ya soko la fedha, MMF, umeona vile faida imenyauka. 2024 mifuko mingi ilikuwa inalipa kama asilimia 15 kwa mwaka, mingine zaidi. Kufikia mwisho wa 2025 nyingi zilikuwa karibu 10 au chini yake. Ukiwa na laki moja, kwa asilimia 15 ulikuwa unapata 1,250 bob kwa mwezi kabla ya ushuru. Kwa asilimia 10 unapata 833. Hiyo tofauti ni tokeni za stima zimepotea.

Kwa nini huko ilifika haraka hivyo? Kwa sababu MMF zinachukua pesa zako na kukopesha serikali kupitia hati za hazina, hasa zile za siku 91. Hizo hati zinaiva kila miezi mitatu na zinauzwa upya kwa mnada kila wiki. Katikati ya 2024 serikali ilikuwa inalipa karibu asilimia 16 kwa hati ya siku 91. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa inalipa kama asilimia 8. Hiyo ni nusu, manze. Kila hati ya zamani ikiiva, meneja wa mfuko analazimika kununua mpya kwa bei mpya, na wewe unaona namba imeshuka kwa apu yako.

Kwa hivyo angalia vile mambo yalienda. Serikali, ambaye ndiye mkopaji mkubwa kuliko wote hapa nchini, alipata punguzo haraka na akapata kubwa, kubwa hata kuliko zile pointi 4 zenyewe. Msee anayeweka akiba akakatwa haraka. Lakini msee aliyekopa benki akaambiwa asubiri.

Stori ya Probox

Nilikaa na jirani tukatoa makaratasi yake, na nimebadilisha namba kidogo ziwe rahisi kufuata. Katikati ya 2023 alichukua laki 6 za kununua gari, alipe kwa miezi 48, riba ya asilimia 14. Hiyo inakuja kama 16,400 bob kila mwezi. Mwaka wa kwanza ukaenda fiti, na baada ya miezi 12 deni likawa limebaki kama 480,000.

Lakini kumbuka ni nini kilikuwa kinaendelea nchini huo wakati. Juni 2023 Benki Kuu ilipandisha CBR kutoka 9.5 hadi 10.5. Desemba ikaruka hadi 12.5, na Februari 2024 ikafika 13. Pointi 3.5 ndani ya miezi minane. Barua yake ikaja katikati ya 2024: riba yako sasa ni asilimia 18. Mistari mitatu tu, na chini "asante kwa kuendelea kuwa nasi".

Sasa angalia vile benki ilifanya. Haikugusa malipo ya mwezi. Yeye aliendelea kukatwa zile 16,400, akadhani hajaguswa. Kitu kilichobadilika ni kilichokuwa ndani ya hizo 16,400. Kwa deni la 480,000, riba ya asilimia 14 ni kama 5,600 bob kwa mwezi. Riba ya asilimia 18 ni 7,200. Kwa hivyo mwanzoni alikuwa anapunguza deni lenyewe kwa 10,800 kila mwezi. Baada ya barua akawa anapunguza kwa 9,200. Hizo 1,600 zinaenda kwa riba.

Matokeo ni kwamba loni haiishi ile siku aliyoandika kwa ukuta. Inaongezeka karibu miezi mitatu mwishoni, na hiyo ni kama 46,000 bob ambazo hazikuwa kwa mpango. Kama benki ingeamua kushikilia ile miezi 36 iliyobaki, malipo yangepanda hadi kama 17,300 kwa mwezi, na angalau angeskia uchungu mapema. Ukiwa na loni ya riba inayobadilika, hii ndiyo kitu ya kucheki: usiangalie unakatwa pesa ngapi, angalia deni limebaki ngapi na tarehe ya mwisho ni gani. Omba taarifa ya loni, si taarifa ya akaunti.

Halafu ikaanza kushuka. Agosti 2024 CBR ikashuka hadi 12.75, Oktoba ikawa 12, Desemba 11.25. Unajua wastani wa riba za mabenki ulifika kileleni mwezi gani? Novemba 2024. Benki Kuu ilikuwa imeshusha mara mbili tayari, na riba za wateja bado zilikuwa zinapanda. Jirani alipata barua ya kushushiwa baada ya Pasaka ya 2025, na alishushiwa pointi 1 na nusu peke yake.

Kwa nini kupanda ni lifti na kushuka ni ngazi

Ukiuliza mabenki, watakuambia kuhusu fiksidi. 2024 riba zilipokuwa juu, matajiri na makampuni walifunga mamilioni yao kwa akaunti za fiksidi za miezi sita au mwaka, na walijadiliana vikali. Wastani wa riba ya amana ulipita asilimia 10, na wakubwa walipata zaidi ya huo wastani. Benki ikiwa bado inawalipa hao kwa bei ya zamani, haiwezi kukopesha wewe kwa bei mpya bila kuumia. Lazima isubiri hizo fiksidi ziive. Hiyo ni sababu ya kweli, siwezi nikasema ni uongo.

Lakini hiyo sababu ina mwisho. Fiksidi ya mwaka mmoja huisha baada ya mwaka mmoja. Pia hiyo hesabu inafaa ifanye kazi pande zote mbili: riba zilipokuwa zinapanda, benki zilikuwa na fiksidi za bei rahisi za zamani, lakini hazikungoja ziive ndio zikupandishie.

Sababu ya pili ni kwamba kulikuwa na mteja mzuri kukuliko. Februari 2024 serikali iliuza bondi ya miundombinu kwa karibu asilimia 18.5, bila ushuru. Hebu jiweke kwa viatu vya meneja wa benki. Upande huu kuna serikali, inakulipa 18.5 na hutawahi kumpigia simu umkumbushe deni. Upande ule kuna msee wa Probox anayeomba kwa 18, na gari likiharibika Limuru Road hizo pesa zinaenda nalo. Wewe ungechagua nani? Riba ya serikali ikiwa juu, inakuwa sakafu ambayo riba yako haiwezi kwenda chini yake. Ni baada ya hizo hati na bondi kushuka ndio mabenki yalianza tena kukumbuka wateja wadogo.

Ya tatu ni madeni mabaya. Kufikia Agosti 2024, kwa kila 100 bob mabenki yalikuwa yamekopesha, karibu 17 bob zilikuwa za watu waliokwama kulipa, na katikati ya 2025 hiyo namba ilikuwa imepita 17. Hapa kuna mtego mbaya kidogo. Riba ikipanda, wasee wanashindwa kulipa. Wasee wakishindwa kulipa, benki inaongeza kwa riba ya waliobaki ili kufidia. Kwa hivyo hata CBR ikirudi chini, ile hasara iliyofanyika ikiwa juu bado iko kwa vitabu, na wewe unayelipa vizuri ndiye unaibeba.

Matokeo ya haya yote ukiyaweka pamoja: mwisho wa 2023 mikopo kwa watu na biashara ilikuwa inakua kwa karibu asilimia 14 kwa mwaka. Desemba 2024 ilikuwa imerudi nyuma, chini ya sufuri. Sehemu ya hiyo ni hesabu tu, kwa sababu loni za dola zilionekana ndogo shilingi ilipopata nguvu. Lakini sehemu ingine uliiona kwa macho. Ni ile jengo la mtaa lililokwama kwa slabu ya pili, fundi anayekuambia hakuna kazi, na hadwea yenye stoo tupu kwa sababu mwenyewe ameamua kutokopa kununua mali. Riba ya juu inapofika mtaani, inakuja kwa sura ya mtu kukosa kupigiwa simu ya kazi.

Benki Kuu yenyewe ilichoka kungoja. Februari 2025 iliposhusha CBR hadi 10.75, ilipunguza pia kiwango cha amana ambacho kila benki lazima iweke kwake bila kulipwa riba, kutoka 4.25 hadi 3.25 kwa kila 100 bob. Hiyo ni kusema: basi nimewapa pesa zaidi za kukopesha, kisingizio kiko wapi? Ikaongeza kwamba itatuma wakaguzi kwa mabenki kuangalia kama wanashusha riba, na asiyeshusha atapigwa faini. Riba zilianza kusonga kwa ukweli baada ya hapo.

Na kama unafikiria "si serikali iweke sheria tu", tulishajaribu. Kuanzia Septemba 2016 sheria ilisema benki isitoze zaidi ya pointi 4 juu ya CBR. Mabenki hayakubishana sana. Yaliacha tu kukopesha watu wadogo, yakaweka pesa kwa bondi za serikali, na wasee wakakimbilia apu. Sheria ikaondolewa Novemba 2019. Apu zilibaki.

Na wewe wa loni ya simu?

Hapa ndipo wengi wetu tuko, tusidanganyane. Chukua mfano wa apu inayokupa 5,000 leo, urudishe 5,400 baada ya siku 30. Hiyo 400 ni asilimia 8 kwa mwezi, kama 96 kwa mwaka.

Sasa tuseme huyo mwenye apu ni malaika, na anaamua kukupitishia zile pointi 4 zote za CBR bila kubakisha hata moja. Pointi 4 ni za mwaka mzima. Kwa mwezi mmoja, kwa 5,000, hiyo ni bob 17. Utalipa 5,383 badala ya 5,400. Hauwezi hata kununua smoki na kachumbari.

Nilipopiga hiyo hesabu mara ya kwanza nilidhani nimekosea. Lakini ndiyo ukweli wa hiyo biashara. Bei ya loni ya simu haitoki kwa bei ya jumla ya ganji. Inatoka kwa idadi ya wasee wanaochukua na kuzima laini, kwa gharama ya kutafuta wateja wapya, na kwa sababu wewe ukiwa umesota saa nne usiku hauwezi kulinganisha bei. Siku hizi apu lazima ziwe na leseni ya Benki Kuu, na zaidi ya 100 zimepewa. Leseni imesaidia kwa mambo ya kupigia mathe yako simu na kukuaibisha kwa kontakti zako. Lakini haisemi ada iwe ngapi, na hiyo ada haijafungwa kwa CBR popote. Kwa hivyo ukiskia CBR imeshuka na unakopa kwa apu, hiyo habari haikuhusu moja kwa moja.

Chama na sako ziko katikati. Sako nyingi hutoza kama asilimia 1 kwa mwezi kwa deni linalopungua, na hawabadilishi kila CBR ikitikisika. 2024 benki zilipokuwa kwa 17 na 18, mtu wa sako kwa 12 alikuwa amekaa vizuri. Riba ya benki ikishuka sana, hiyo faida inapungua.

Sasa bei za vitu zinaingia wapi?

Maana Benki Kuu haikupandisha riba ndio itese msee wa Probox. Ilikuwa inapigania shilingi. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Kila mtu alikuwa na woga kwamba Kenya itashindwa kulipa ile Eurobondi ya dola bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni 2024. Mwenye dola akawa anazificha, na mwenye shilingi akawa anazikimbia.

Riba ya juu inafanya kazi hapa haraka kuliko mahali pengine popote. Ukimwambia mwekezaji wa ng'ambo kwamba Kenya inalipa 18.5 bila ushuru, analeta dola, anazibadilisha kuwa shilingi, ananunua bondi. Februari 2024 mambo mawili yalitokea karibu pamoja: serikali ilikopa Eurobondi mpya ya dola bilioni 1.5 na kununua nayo sehemu kubwa ya ile ya zamani, na hiyo bondi ya miundombinu ikavuta wageni. Kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa imeshuka hadi 130 na kitu. Baadaye ikakaa karibu 129 kwa zaidi ya mwaka.

Simu ya dola 100 ilikuwa inamgharimu mwenye duka 16,000 kuileta Januari 2024. Miezi michache baadaye ilikuwa 13,000. Mafuta pia yanalipwa kwa dola. Petroli Nairobi ilikuwa 217.36 Oktoba 2023 na 180.66 Oktoba 2024. Si CBR peke yake ilifanya hivyo, kwa sababu bei ya mafuta duniani pia ilishuka, lakini shilingi ilibeba sehemu yake. Mfumuko wa bei ukatoka asilimia 7.9 Juni 2023 hadi 2.7 Oktoba 2024.

Najua unauliza: kama mfumuko umeshuka hivyo, mbona hoteli ya kwa stage bado inauza chapo na madondo kwa bei ya juu? Kwa sababu mfumuko kushuka si bei kushuka. Kitu cha 100 kikipanda asilimia 8 kinakuwa 108. Mwaka unaofuata kikipanda asilimia 3 kinakuwa 111. Mfumuko umeanguka, lakini bado unalipa 111. Hakuna mtu alisema itarudi 100.

Na kuna bei ambazo CBR haiwezi kugusa kabisa. Unga ulipanda mvua ilipokosa na ukashuka mvua ilipokuja. Nyanya zikipigwa na baridi, Benki Kuu inaweza kupandisha riba hadi 20 na nyanya zitabaki ghali. Ndio maana wanaangalia kando ule mfumuko wa vitu vingine, ukitoa chakula kinachoyumba na mafuta. Huo ulibaki chini wakati wote huu, na ndio uliwapa ujasiri wa kushusha mara 9. Waliona watu hawanunui. Kama unafanya biashara ya nguo ama unauza viti vya sebule, hiyo haikuwa habari kwako.

Kitu ya kuangalia

Sasa kuna mabadiliko moja ambayo inaweza kufupisha hii safari. Zamani kila benki ilikuwa na riba yake ya msingi, imepikwa ndani, na mteja hawezi kujua imetoka wapi. Benki Kuu imeleta kipimo kimoja cha wote, kinaitwa KESONIA. Hicho ni wastani wa ile bei ya usiku mmoja tuliyoongelea mwanzoni, ile mabenki yanakopeshana. Riba yako itakuwa KESONIA ukiongeza kitu kinaitwa "K", ambacho ni gharama za benki, faida ya wenye hisa, na hatari yako wewe kama mkopaji. Loni mpya zilianza na huo mpango tarehe 1 Desemba 2025. Loni za zamani zilifaa kuhamishwa kufikia tarehe 28 Februari 2026. Loni za riba isiyobadilika na za pesa za kigeni haziko ndani.

Faida ni kwamba KESONIA ikishuka, sehemu hiyo ya riba yako inashuka bila benki kuamua. Mwanya uko kwa "K". Benki ikitaka kukubakisha palepale, inaweza kukuhamisha leo na "K" kubwa. Tuseme unalipa 16.5 sasa, na KESONIA iko 9. "K" yako ikiandikwa 7.5, hakuna kitu kimebadilika siku ya kwanza. Lakini angalau sasa imeandikwa, na unaweza kupeleka hiyo karatasi kwa benki ya pili uulize wao "K" yao kwako ni ngapi. Benki zinatakiwa kutangaza hadharani wastani wa riba zao na ada, kwa hivyo hiyo swali ina jibu.

Jirani anangoja barua yake. Nimemwambia ikija aangalie vitu vitatu: "K" imeandikwa ngapi, wataangalia upya KESONIA kila baada ya miezi mingapi, na tarehe ya kumaliza loni imerudi pale ilipokuwa ama bado wamemwachia ile miezi mitatu ya ziada. Amesema hiyo ya tatu ndiyo ataanza nayo.